Uzi: Idara imekataa vyeti vyangu vya kozi za mtandaoni. Je, kuna njia sahihi ya kuomba vikubaliwe kama krediti?

KijanaWaTakwimu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni ndugu zangu. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Mwaka jana nilikuwa katika shahada ya Takwimu, na mwaka huu nimeruhusiwa kuhamia Sayansi ya Kompyuta. Masomo mengi ya mwaka wa kwanza yalifanana, kwa hiyo yamehamishwa bila shida, isipokuwa Misingi ya Uandishi wa Programu, lenye krediti 12, ambalo kwenye Takwimu halikuwepo. Somo hilo hufundishwa muhula wa kwanza tu, na ratiba yake inagongana na somo la lazima la mwaka wa pili. Tena ndilo linalotangulia Miundo ya Data. Nisipolipata mwaka huu, nitamaliza chuo mwaka mmoja baada ya wenzangu, na mkopo wangu hautaongezwa muda.

Wakati wa likizo ndefu nilisoma kozi tatu za programu mtandaoni, nazo ni mfululizo wa Python wa Chuo Kikuu cha Michigan kwenye Coursera, kozi ya CS50P ya Harvard, na sehemu ya kwanza ya kozi ya Python ya Chuo Kikuu cha Helsinki iliyopo MOOC.fi. Hiyo ya mwisho nilijisajili kupitia chuo huria chao na nikapewa krediti 5 za ECTS, yaani mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikaambatanisha vyeti vyote vitatu, nikaomba nisamehewe somo hilo. Baada ya wiki tatu nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba idara haitambui vyeti vya mtandaoni.

Ningependa kujua kama jibu hilo ndilo la mwisho au kama nilikosea namna ya kuomba.

PwaniMpakaBara

Pole sana ndugu yangu. Mimi nipo Kenya, na ninavyofahamu, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya huku inaruhusu krediti zihamishwe hadi asilimia 49 ya programu. Somo moja ni sehemu ndogo sana ya kiwango hicho, kwa hiyo idara haina haki ya kukukatalia. Vilevile Marekani kuna Baraza la Elimu, lile la ACE, ambalo limepima vyeti kadhaa vya Coursera, vikiwemo vya Google, na kusema vina thamani ya krediti kadhaa za chuo. Ikiwa Marekani wanavikubali, sisi tunavikataaje? Kata rufaa moja kwa moja kwa Seneti.

MjumbeWaKamati

Nimekaa kwenye kamati ya taaluma ya idara kwa miaka kadhaa, katika chuo ambacho si cha mwanzisha uzi, na maombi ya namna hii nimeyasoma mengi. Naomba nianze na hoja za ndugu aliyenitangulia kwa sababu zina ukweli nusu, nao ukweli huo nusu umewaponza waombaji wengi.

Asilimia 49 ni kikomo cha juu. Inamzuia mwanafunzi asihamishie chuoni programu nzima aliyoisomea kwingine kisha akadai shahada, na wala haimpi haki ya kudai kila kilicho chini ya kiwango hicho. Zaidi ya hayo, inahusu masomo yaliyosomwa katika taasisi za elimu ya juu zinazotambuliwa, na mwombaji wetu yuko Tanzania. Kuhusu ACE, kazi ya baraza hilo ni kupendekeza. Hata huko Marekani chuo kinachopokea ndicho huamua, na vipo vinavyokataa. Mapendekezo hayo hayajamfungia mkuu wa idara wa huku mlango wowote.

Sasa nirudi kwa mwanzisha uzi. Bila kuiona barua yako naamini nimekwisha kuliona kosa. Umeweka vitu vitatu vyenye hadhi tofauti ndani ya bahasha moja, idara ikavisoma vyote kwa hadhi ya kile kilicho dhaifu zaidi. Chukua cheti chako cha Michigan ukisome hadi maandishi madogo ya chini. Vyeti vingi vya Coursera vilivyotolewa kwa jina la chuo vimeandikwa wazi kwamba havithibitishi kuwa mwenye cheti aliandikishwa kama mwanafunzi wa chuo hicho, wala havimpi alama, krediti au shahada ya chuo hicho. Ikiwa chuo kilichokufundisha kinasema chenyewe kwamba hakikukupa krediti, idara yangu itahamisha nini? Cheti cha bure cha CS50P nacho kinaonyesha kwamba ulikamilisha mazoezi na mradi wa mwisho. Mazoezi yenyewe ni mazuri sana, mimi mwenyewe huwapa wanafunzi wangu, lakini hayasimamiwi na mtu, na majibu yake yametapakaa mtandaoni.

Cha Helsinki ni kitu kingine kabisa. Kama ulisajiliwa na chuo huria chao ukapewa krediti, basi jina lako limo katika daftari la matokeo la chuo kikuu, na hapo hauombi tena kutambuliwa kwa cheti cha jukwaa, unaomba kuhamishiwa somo la chuo kikuu kimoja kwenda kingine. Hilo ni ombi ambalo kila idara ina utaratibu wake. Je, unayo transkripti, au ulichonacho ni cheti cha kumaliza kozi tu?

NeemaWaZiwani

Samahani kuingilia. Mimi nina diploma ya uhasibu na vyeti viwili vya mtandaoni vya uchambuzi wa data. Je, kwa njia hii ninaweza kuvitumia kuombea nafasi ya shahada?

MjumbeWaKamati

Dada Neema, hilo ni jambo jirani lakini si hili. Mwenzetu amekwisha kudahiliwa, naye anaomba somo moja lihesabiwe. Wewe unazungumzia sifa za kuingilia chuo. Diploma yako ndiyo itakayotazamwa, pamoja na wastani wake, na vyeti vya mtandaoni havitauongeza wastani huo. Ule utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, hupima kama mtu anastahili kuingia chuoni, wala haumpunguzii masomo akishaingia. Nakushauri ufungue uzi wako ili watu wa udahili wakujibu kwa undani.

KijanaWaTakwimu

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Nimesoma maandishi ya chini ya cheti cha Michigan, na kweli yapo kama ulivyosema. Nilikuwa sijawahi kuyasoma.

Transkripti ninayo. Ni faili la PDF lililotoka Helsinki lenye jina la somo, tarehe, krediti 5 na alama 4. Kwenye barua sikuiweka. Niliweka cheti cha rangi nilichokipakua kwenye ukurasa wa kozi kwa sababu niliona kinapendeza zaidi.

MswahiliWaHelsinki

Nimefurahi kuona kozi hii ikitajwa, kwa sababu nami niliipitia kabla ya kuanza masomo yangu huku Finland. Naomba niongeze mambo ambayo idara ya nyumbani haiwezi kuyaona kwenye karatasi.

Kozi nzima ina sehemu 14. Sehemu ya 1 hadi ya 7 ni somo la utangulizi lenye krediti 5, na ya 8 hadi ya 14 ni somo la pili lenye krediti 5 nyingine. Krediti haziji kwa kutazama masomo. Kuna pointi za mazoezi ambayo hukaguliwa na mashine, halafu kuna mtihani. Kwa kanuni za Ulaya krediti moja ya ECTS ni kazi ya saa 25 hadi 30, na huku Finland mwaka wa masomo wa krediti 60 huhesabiwa kuwa saa 1,600, kwa hiyo krediti moja ni kama saa 27.

Lile faili la PDF usilichape ukapeleka karatasi peke yake. Transkripti yangu ilikuja na saini ya kielektroniki, ambayo hukaguliwa ndani ya faili lenyewe. Ukiichapa, saini inabaki picha tu, na ofisi yoyote makini itauliza karatasi hiyo imetoka wapi. Mpelekee msajili faili lenyewe kwa barua pepe, kisha karatasi iwe ya kusomea kwenye kikao.

Nisisitize pia kwamba masharti ya kujisajili na ya kufanya mtihani hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayesoma uzi huu na kutaka kufuata njia hii asome ukurasa wa kozi wa mwaka wake kabla hajaanza, hasa kuhusu namna mtu aliye nje ya Finland anavyothibitisha utambulisho wake.

MjumbeWaKamati

Hesabu hiyo ya saa ndiyo ufunguo, kwa hiyo tuifanye kwa ukamilifu. Katika mfumo wa Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo mihadhara, maabara na kujisomea. Somo la krediti 12 ni saa 120. Krediti 5 za Helsinki zikizidishwa kwa 27 ni saa 135, yaani krediti 13 na nusu za kwetu. Kwa upande wa wingi wa kazi umevuka kiwango. Lakini kama hukuiandika hesabu hiyo, mjumbe aliyechoka saa kumi jioni ataona 5 upande mmoja na 12 upande wa pili, na ombi lako litaishia hapo. Nimeliona likitokea.

Alama nazo zina mtego wake. Finland hutumia alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni kufaulu na 5 ni ya juu kabisa. Sisi nasi tuna pointi hadi 5. Karani anaweza kuichukua 4 yako akaiandika kama B+, yenye pointi 4 kwetu, wakati mizani hizo mbili hazina uhusiano wowote. Kwa sababu hiyo vyuo vingi huliandika somo lililohamishwa kuwa limefaulu tu, bila alama, na haliingii kwenye wastani. Usiombe alama ihamishwe. Ukiiomba, unawafungulia wajumbe mjadala ambao hauna faida kwako, na ombi zima linaweza kuahirishwa kwa sababu yake.

Bado kuna suala la maudhui. Tafadhali chukua muhtasari wa somo la idara yako, ule uliopitishwa na Seneti wala si ule wa mwalimu mmoja mmoja, uulinganishe na mada za Helsinki wiki kwa wiki. Kisha utueleze mahali ambapo hazilingani, kwa sababu kamati itaanzia hapo.

KijanaWaTakwimu

Nimefanya hivyo jana usiku kucha. Muhtasari wa idara una wiki 13. Mada za wiki tisa nimezikuta Helsinki bila wasiwasi, nazo ni vigeu na aina za data, masharti, vitanzi, kuunda na kuita funksheni, orodha, mifuatano ya herufi, kusoma na kuandika mafaili, kutafuta makosa na kupanga programu kubwa katika vipande. Wiki ya kwanza ya kwetu ni mifumo ya namba, ambayo Helsinki haipo, lakini mifumo ya namba nilifundishwa kwenye somo la Takwimu na alama yangu imo kwenye matokeo ya chuo hiki hiki.

Tatizo ni wiki tatu zilizobaki. Idara yetu inafundisha kwa lugha ya C, na wiki hizo zinahusu anwani za kumbukumbu, kugawa na kuachilia kumbukumbu, na kukusanya programu kutoka mafaili kadhaa. Python haina mambo hayo kwa sura hiyo. Mwalimu wa Miundo ya Data naye anatumia C.

MjumbeWaKamati

Umekuwa mkweli, na ukweli huo utakusaidia. Hapo ndipo ombi lako lingekufa hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa.

Kamati haiulizi tu kama umejua kuandika programu. Inauliza kama mwanafunzi huyu akiingizwa kwenye Miundo ya Data wiki ijayo ataweza kuunda orodha iliyounganishwa kwa viashiria, yaani kwa zile anwani za kumbukumbu, bila mwalimu kurudi nyuma kwa ajili yake. Mkuu wa idara akikusamehe somo halafu ukafeli linalofuata, mwalimu wa somo hilo atamlaumu yeye kwenye kikao, tena kwa haki. Kwa hiyo usiombe kusamehewa moja kwa moja. Omba idara ikupe mtihani wa kuthibitisha ujuzi, kwa karatasi, chini ya msimamizi wao, ukijumuisha zile wiki tatu za C ambazo utajisomea mwenyewe kutoka kwenye vitabu vya somo. Transkripti ya Helsinki itafanya kazi ya kuwashawishi kwamba unastahili kupewa nafasi ya kukaa kwenye mtihani huo. Mtihani utamaliza yaliyobaki.

PwaniMpakaBara

Mwalimu, kwa heshima, hapa sikubaliani nawe. Kama transkripti ni ya chuo kikuu kinachojulikana dunia nzima, kwa nini mwanafunzi atahiniwe mara ya pili? Mwanafunzi akihama kutoka chuo jirani hapewi mtihani wa kuthibitisha. Naona ni kuidharau njia ya mtandao tu.

MswahiliWaHelsinki

Hoja ya ndugu yangu ina uzito, na huku Ulaya ina msingi wa kisheria. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 unamtaka anayekataa aonyeshe tofauti kubwa kati ya masomo mawili, na si mwanafunzi aonyeshe kwamba yanafanana kila kitu. Tanzania haimo katika mkataba huo, lakini fikra yenyewe ni nzuri na ingefaa idara zetu ziige.

Hata hivyo katika kesi hii tofauti imeonyeshwa, ni zile wiki tatu. Na kuna jambo lazima niliseme japokuwa naipenda sana kozi ile. Mtihani wangu niliufanya nikiwa nyumbani, mbele ya kompyuta yangu. Nilikuwa mwaminifu, lakini transkripti haisemi kama mtu alikuwa mwaminifu. Kwa hiyo wasiwasi wa kamati siuoni kuwa ni dharau.

MsomiWaPune

Mimi nasoma India, na nimeona niwaeleze namna wenzetu walivyolitatua hilo la usimamizi, kwa sababu ni mfumo niliouishi.

Huku kuna jukwaa la taifa liitwalo SWAYAM. Kanuni za mwaka 2016 ziliruhusu chuo kukubali hadi asilimia 20 ya masomo kutoka jukwaa hilo, na kanuni za 2021 zikapandisha hadi asilimia 40 ya masomo ya programu katika muhula. Kwenye kozi za uhandisi na sayansi zinazoitwa NPTEL, mazoezi ya kila wiki yana uzito wa asilimia 25 tu. Asilimia 75 hutoka kwenye mtihani unaofanyiwa katika kituo, unaingia na kitambulisho, kuna msimamizi, na unaulipia ada. Kozi ya wiki 12 kwa kawaida huhesabiwa krediti 3 au 4. Kusoma ni bure, lakini asiyekwenda kituoni hapati krediti.

Pamoja na hayo yote mimi nilikataliwa. Muhula wa tatu nilichukua kozi ya NPTEL ya hifadhidata, nikafaulu vizuri, nikapeleka cheti idarani. Niliambiwa kwamba orodha ya kozi zinazokubaliwa hupitishwa kabla ya muhula kuanza na mwanafunzi hujaza fomu mapema, na kozi yangu haikuwemo. Kanuni ya taifa ilikuwa upande wangu, cheti kilikuwa halali, lakini sikuomba kabla. Krediti zile sikuzipata hadi leo. Muhula uliofuata nilijaza fomu kwanza, na kozi ya pili ilihesabiwa bila mtu kuuliza swali lolote.

SomoLaMarudio

Nimewasoma wote kwa makini. Mimi nilifeli Takwimu za Uchumi mwaka jana na ninalibeba somo hilo hadi sasa. Baada ya kufeli nilisoma takwimu mtandaoni kwa bidii na nimepata cheti. Kwa maelezo ya mwalimu, je, naweza kuomba mtihani wa kuthibitisha badala ya kurudia somo?

MjumbeWaKamati

Pole, lakini kwa uzoefu wangu hilo haliwezekani. Somo ulilolifeli tayari lina matokeo chuoni, na kanuni za mitihani zinasema namna ya kuyafuta, yaani mtihani wa marudio au kulisoma upya. Somo la nje hujaza nafasi iliyo tupu. Haliwezi kuandikwa juu ya alama iliyokwisha kupitishwa na Seneti. Ulichojifunza mtandaoni kitakusaidia kwenye chumba cha mtihani wa marudio, na hapo kitakusaidia kweli.

KijanaWaTakwimu

Nimeandika barua upya. Naomba mniangalizie aya ya kati, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua:

"Ninaomba ruhusa ya kufanya mtihani wa kuthibitisha ujuzi katika somo la Misingi ya Uandishi wa Programu, krediti 12, kabla ya muhula wa pili kuanza. Nimefaulu somo la utangulizi wa uandishi wa programu la Chuo Kikuu cha Helsinki, krediti 5 za ECTS, sawa na saa 135 za kazi, yaani krediti 13.5 kwa kipimo cha saa 10. Jedwali lililoambatanishwa linaonyesha kwamba mada za wiki tisa kati ya 13 zinalingana, wiki moja nimeisoma katika programu yangu ya awali chuoni hapa, na wiki tatu za lugha ya C hazimo. Ninakubali kutahiniwa katika mada zote 13."

Nyuma yake nimeweka transkripti, muhtasari wa kozi ya Helsinki kama ulivyokuwa mwaka niliosoma, jedwali la ulinganisho, na programu mbili nilizoandika kwa C. Vyeti vya Michigan na CS50P nimeviacha.

MjumbeWaKamati

Barua hii ningeipeleka kikaoni bila kubadilisha neno, isipokuwa uongeze mstari mmoja unaoeleza ni lini transkripti ilitumwa kwa msajili na kwa barua pepe ipi. Umefanya vyema kuhifadhi muhtasari wa mwaka uliosoma wewe, kwa sababu kurasa za kozi hubadilishwa, na mjumbe akifungua ukurasa wa leo akakuta mada tofauti ataanza kushuku.

Jambo moja hujaliuliza, na ni lazima uliulize kabla ya mtihani. Kusamehewa somo na kupewa krediti za somo ni vitu viwili. Chuo kingine kitakuruhusu uendelee na Miundo ya Data, lakini zile krediti 12 zitabaki tupu na utatakiwa kuzijaza kwa somo la kuchagua. Kingine kitaziandika kwenye matokeo yako. Omba waseme kwa maandishi ni lipi kati ya hayo mawili. Nawajua wanafunzi waliofika mwaka wa mwisho wakiwa na jumla ya krediti 348 badala ya 360, na hakuna aliyekumbuka kwamba miaka miwili nyuma walisamehewa somo.

MsomiWaPune

Naunga mkono sana neno "kwa maandishi". Mkuu wa idara hubadilishwa, na ahadi ya mdomo huondoka naye.

KijanaWaTakwimu (baada ya wiki tano)

Narudi kuwapa taarifa kama nilivyoahidi kwa wale walioniandikia pembeni.

Mkuu wa idara aliniita siku nne baada ya kupokea barua. Aliniambia kwamba barua ya kwanza hakuifikisha kwenye kamati kabisa kwa sababu hakuona cha kujadili, na hii ya pili ilijadiliwa kwa dakika kama 20. Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu saa, akaonyeshwa hesabu. Mwalimu wa Miundo ya Data alisema hataki chochote ila mtihani uwe na swali la viashiria lenye alama nyingi. Wakakubali.

Nilifanya mtihani wa saa mbili, kwa karatasi, chumbani kwa katibu wa idara. Kulikuwa na maswali manne, na lile la viashiria peke yake lilikuwa na alama 40. Nimepata 63. Bila zile wiki tatu nilizojisomea ningeangukia pua, kwa sababu ugumu wa kuandika C kwa kalamu bila mashine ya kukuonyesha kosa sikuwahi kuukuta kwenye kozi yoyote ya mtandaoni.

Nimeandikishwa Miundo ya Data tangu Jumatatu. Kuhusu krediti 12, idara imependekeza ziandikwe kama somo lililofauliwa bila alama, lakini bodi ya kitivo haijakaa, na mratibu wa mitihani ameniambia kwamba yeye binafsi anaona nijaze kwa somo la kuchagua. Nimewaomba wanipe jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya kuongeza masomo.

PwaniMpakaBara

Hongera sana, ndugu yangu. Nakiri kwamba ushauri wangu wa rufaa ungekuchelewesha. Bado naamini krediti hizo ni haki yako, kwa sababu sasa umefaulu mtihani wao wenyewe, na kama wakikataa ningependa wakueleze ni kazi gani ya saa 120 ambayo hukuifanya.

MjumbeWaKamati

Hapo sasa naungana nawe bila masharti. Kijana, chukua somo moja la kuchagua la krediti 12 muhula huu hata kabla bodi haijaamua, ilimradi ratiba yako inaruhusu. Bodi ikikubali, utakuwa na krediti za ziada au utaliondoa kabla ya tarehe ya mwisho. Ikikataa, hutakuwa umepoteza muhula. Tafadhali utuandikie bodi ikishakaa, kwa sababu katika chuo chetu suala hilo hilo limeletwa mara mbili mwaka huu na bado hatujakubaliana.